Ndani ya Gauni

Siku 10 kabla ya Idi, binti wa miaka 14 aliingia katika duka la fundi cherehani mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, amekumbatia gauni la buluu. Muuzaji jirani alimruhusu kulionyesha kwanza kabla ya kulipa. Shilingi 1,800 alizodunduliza mwaka mzima zilikuwa bado zimefungwa penye pindo la leso yake. Idi iliyopita gauni lake lilifumuka kwapani asubuhi yenyewe, akashinda ndani huku wenziwe wakitembea.

"Ami, nitazamie kama hili litadumu."

Fundi aliligeuza ndani nje. "Nje ni pambo, mwanangu. Habari za gauni zimeandikwa huku."

Akamwonyesha kwanza kitambaa kilichoachwa pembeni mwa mshono wa ubavuni. Kilikuwa na upana wa nusu inchi, na ukingo wake umezungushiwa uzi usichomoke. "Hiki ndicho akiba. Kikiwa chembamba mno, mshono ukiachia hapana pa kushonea tena."

Kisha akamwambia ashike pande mbili za mshono wa kwapani kwa vidole gumba, avute taratibu. Mshono ulifunguka kidogo, nyuzi zikaonekana kama meno. Binti akahesabu: mishono 6 tu katika inchi moja.

"Kwa kitambaa kama hiki ningetia 10 au zaidi," akasema fundi.

Binti akainamisha kichwa. "Basi silinunui."

"Usiharakishe. Tazama kinachoachana: ni uzi wa cherehani, au ni kitambaa chenyewe?"

Fundi akatoa kipande cha satini laini alichokuwa amekishona kwa mishono ya karibu karibu. Alipokivuta, mshono haukufunguka. Nyuzi za kitambaa ndizo zilizoteleza kando yake, zikaacha uwazi kama ngazi, na hata alipokiachia uwazi haukujifunga. "Uzi mbaya hufumuliwa ukatiwa mwingine. Kitambaa kinachoteleza hivi, ukikaza mshono hakiponi. Kikivaliwa, kivaliwe kipana, kisibane popote."

Binti akalivuta tena gauni la buluu, akaliachia. Kitambaa kikarudi kama kilivyokuwa, wala tundu halikubaki.

Alirudi kwa muuzaji, akamwonyesha mshono ule kwa adabu. Muuzaji akautazama, akapunguza shilingi 200. Kabla ya kulipa, akamletea gauni jingine la kijani, linalong'aa, la bei hiyo hiyo. Binti aliligeuza, akavuta ubavuni, akaliachia, akaona ngazi ileile. Akalikunja vizuri na kumrudishia, akachukua lake la buluu.

Jioni fundi alishona upya kwapa na mbavu kwa shilingi 150. Asubuhi ya Idi, kabla ya kutoka, binti aliinua mikono yote miwili mbele ya mamake. Hakuna kilichoachia.