Programu Inabisha, Hifadhidata Iko Kimya

Tuchukue chama cha akiba na mikopo ambacho hifadhidata yake ya PostgreSQL iko Amazon, kwenye huduma ya RDS. Amazon ndio wanaoitunza na kuitolea nakala za akiba. Chama kinalipia tu. Programu ambayo makarani huitumia kupokea marejesho ilikuwa kwenye seva ya kukodi mahali pengine. Mwisho wa wiki fundi anaihamishia kwenye seva mpya ya EC2, hapohapo Amazon, ndani ya mtandao uleule wenye hifadhidata. Jumatatu asubuhi karani anabofya kuingia, ukurasa unazunguka bila kufunguka. Fundi anaingia kwenye seva na kujaribu kwa mkono. Baada ya kama dakika mbili anapata jibu hili:

```
connection to server at "akiba.abc123.af-south-1.rds.amazonaws.com"
(172.31.20.14), port 5432 failed: Connection timed out
```

Ujumbe huu usomwe polepole. Kuunganisha seva na hifadhidata ni kama kupiga hodi. Ukiambiwa `Connection refused`, aghalabu umefika nyumbani kwa watu ila chumba unachotaka hakina mtu. Ukiona `password authentication failed`, umepokewa mlangoni na nywila yako imekataliwa. Lakini `timed out` ni kimya kitupu. Linux hubisha, ikarudia mara 6 huku muda wa kungoja ukiongezeka maradufu, na hapo ndipo zinapotoka zile dakika mbili. Faiawoli ya Amazon, ambayo kwenye skrini huitwa security group, hufanya hivyo kwa makusudi: ombi lisiloruhusiwa hulitupa bila kulijibu. Kwa hiyo kubadilisha nywila hapa ni kupoteza asubuhi, maana nywila haijafika hata kuulizwa.

Fundi anajaribu kutoka kwenye laptopu yake, kwa jina na nywila zilezile, na hifadhidata inafunguka mara moja. Wengi hapa huanza kuilaumu programu. Kumbe laptopu imempa jibu: hifadhidata ni nzima, kinachotofautiana ni mahali ombi linakotokea. Anwani ya laptopu iliwekwa kwenye orodha ya zinazoruhusiwa zamani, pamoja na ile ya seva ya kwanza. Seva mpya haimo.

Basi anaiuliza seva mpya inaonekanaje kwenye intaneti:

```
curl -4 https://checkip.amazonaws.com
```

Inajibu 198.51.100.40. Anaongeza `198.51.100.40/32` kwenye kanuni za kuingilia, poti 5432. Hiyo `/32` maana yake ni anwani hiyo moja tu. Kanuni huanza kufanya kazi papo hapo, bila kuwasha upya chochote. Anajaribu tena. Kimya kilekile.

Hapa ndipo mtu aliyebanwa na foleni ya wanachama huandika `0.0.0.0/0`, yaani kila anwani duniani. Inafanya kazi, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa sababu kinachofanya kazi huachwa. Fedha za wanachama zinabaki zikilindwa na nywila peke yake, kwenye poti ambayo roboti za mtandaoni huibisha usiku na mchana.

Tatizo lilikuwa limeandikwa ndani ya mabano ya ule ujumbe wa kwanza: 172.31.20.14. Hiyo ni anwani ya ndani. Seva ikiwa kwenye mtandao mmoja na hifadhidata ya RDS, jina la hifadhidata humpa anwani ya ndani, na ombi halipiti intaneti kabisa. Linafika likiwa na anwani ya ndani ya seva, tuseme 172.31.5.9, ambayo amri ya `hostname -I` huionyesha. Kanuni yenye 198.51.100.40 ilikuwa inamngoja mgeni ambaye hapiti njia hiyo.

Angeweza kuandika `172.31.5.9/32`, ila seva hiyo ikibadilishwa kesho, kimya kitarudi. Bora kwenye sehemu ya chanzo achague security group ya seva za programu, badala ya anwani. Seva yoyote itakayowekwa kwenye kundi hilo itapita. Njia hii haifai kwa seva iliyo nje ya mtandao huo. Hiyo inahitaji anwani ya umma isiyobadilika, kwani anwani ya kawaida ya umma ya EC2 hubadilika seva ikisimamishwa na kuwashwa tena.

Anahifadhi kanuni mpya, anafuta ile ya 198.51.100.40 na ya seva ya zamani, kisha anajaribu. Safari hii jibu linakuja papo hapo: `password authentication failed`. Nywila iliyonakiliwa kwenye seva mpya ina herufi iliyokosewa. Anairekebisha, na makarani wanaanza kupokea marejesho.