20 kwa 20 ya nani? Kulinganisha viwanja kwa majibu ya dalali

Ukimwuliza dalali wa Dar es Salaam habari za kiwanja, mara nyingi hujibiwi kwa mazungumzo. Unatumiwa karatasi ya maswali na majibu kwenye WhatsApp. Ukubwa? 20 kwa 20. Kimepimwa? Ndiyo. Hati? Ipo kwenye mchakato. Umbali? Dakika 10 kutoka lami. Karatasi hiyo inaokoa muda wa pande zote mbili, na dalali anayeiandika vizuri anastahili heshima. Tatizo linakuja pale mnunuzi anapoziweka karatasi mbili pamoja na kuchagua ile yenye bei ndogo.

Tuchukue viwanja viwili vya pembezoni mwa jiji, kwa bei za mfano. Karatasi ya kwanza inasema: 20 kwa 20, hakijapimwa, shilingi 6,000,000. Ya pili inasema: mita za mraba 400, kimepimwa, shilingi 22,000 kwa mita, yaani 8,800,000. Kwa macho, cha kwanza kina nafuu ya karibu milioni tatu.

Sasa uliza: 20 za nini? Ardhi isiyopimwa huuzwa sana kwa hatua za mguu. Hatua ya mtu mzima ikiwa na sentimeta 75, hatua 20 ni mita 15 tu. Mita 15 kwa 15 ni mita za mraba 225, wala si 400. Gawanya milioni sita kwa 225 na utapata kama shilingi 26,700 kwa kila mita ya mraba. Kile kiwanja cha bei rahisi kimekuwa ghali kuliko kilichopimwa. Kama 20 zile ni mita kweli, hesabu inageuka kabisa: 15,000 kwa mita. Kwa hiyo nenda na futi kamba yako, pima pande zote nne mbele ya muuzaji na majirani wa mipakani, kisha ndipo uzungumzie bei.

Neno la pili la kulifungua ni “kimepimwa”. Kuna madalali wanaolitumia kwa eneo ambalo lina ramani ya mipangomiji tu, ile inayoonyesha wapi pawe makazi, barabara na maeneo ya wazi. Huo ni mpango, na upimaji huja baada yake: mpima ardhi anaweka bikoni ardhini, na ramani yake ya upimaji inaidhinishwa. Hati hufuata mwishoni. Anayekuambia kimepimwa aweze kukupa namba ya kitalu na namba ya kiwanja, na akuonyeshe bikoni zote. Kisha zipeleke namba hizo ofisi ya ardhi ya halmashauri, uulize kiwanja hicho kimepangiwa matumizi gani. Wapo watu waliojenga nyumba juu ya eneo la wazi kwa sababu hawakuuliza swali hilo moja.

“Hati ipo kwenye mchakato” hailipiwi kama hati. Uliza mchakato umefika hatua gani, ni kwa jina la nani, na nani atamalizia gharama. Hati ikiwepo, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Utaona mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna mkopo wa benki au zuio. Muuzaji akiwa na ndoa, ridhaa ya mwenzake iwe kwa maandishi.

Gharama za pembeni ndizo karatasi nyingi huzipita haraka. Kwenye kiwanja cha kwanza, mnunuzi anaweza kuombwa asilimia 10 ya bei katika ofisi ya mtaa, hapa 600,000. Hiyo ni desturi iliyozoeleka, si kodi. Ukiombwa, dai stakabadhi ya serikali. Bado utakuwa na gharama ya kupima baadaye. Kwenye cha pili, ikiwa hati imeshatoka na inahamishwa, kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, yaani 88,000, pamoja na ada za usajili. Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji, lakini sentensi “gharama zote za uhamisho ni za mnunuzi” inaihamishia kwako kimyakimya. Ukiikubali, iondoe kwenye bei.

Kuhusu zile dakika 10, mimi ningeuliza mambo mawili: kwa miguu au kwa bodaboda, na je, njia inapitika Aprili? Litembelee eneo wakati wa masika, mvua ikiwa imenyesha jana yake. Majibu ya dalali yaombe kwa maandishi palepale kwenye simu, halafu mwanasheria ayaingize kwenye mkataba wa mauziano: ukubwa kwa mita, namba za kiwanja, na nani analipa kipi.