Maswali na majibu: Namna ya kumweleza daktari mabadiliko ya hedhi na kumbukumbu za kuandaa

Mwanamke anayefika kliniki na kusema "napata hedhi mara mbili kwa mwezi" anaweza kuwa na tatizo mojawapo kati ya mawili yasiyofanana. Huenda mzunguko wake umekuwa mfupi, au mzunguko uko sawa na anatokwa na damu ambayo si hedhi. Katika Mkoa wa Mwanza tofauti hiyo ina uzito wa pekee, kwa kuwa kichocho, ugonjwa uliozoeleka katika mkoa huu, huweza kuathiri pia mlango wa kizazi na uke.

Mzunguko unahesabiwaje?

Huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu ya hedhi hadi siku ya kuamkia hedhi inayofuata. Kwa mtu mzima, siku 24 hadi 38 ni kawaida, na damu isizidi siku nane. Wengi huhesabu tangu damu ilipokatika, na hapo ndipo hesabu huharibika mbele ya daktari.

Ni mambo gani yaandikwe?

Daftari la kawaida linatosha. Iandikwe tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na idadi ya pedi au vitambaa vilivyolowa kabisa kwa siku, kwani neno "nyingi" kila mtu ana kipimo chake. Damu inayotoka nje ya siku hizo iandikwe kando, pamoja na kilichotangulia: tendo la ndoa, kazi nzito au hakuna. Yaongezwe maumivu, majimaji ya ukeni yasiyo ya kawaida, na damu kwenye mkojo. Anayetumia sindano, vijiti au vidonge vya uzazi wa mpango ataje tarehe alipoanza, maana njia hizo zenyewe huweza kuleta matone ya damu.

Kumbukumbu hizo humsaidiaje daktari?

Tuchukue mfano wa mkulima wa mpunga wilayani Misungwi. Daftari lake linaonesha hedhi ya tarehe 3 hadi 8 Machi, matone ya damu tarehe 14 na tarehe 19, yote baada ya tendo la ndoa, kisha hedhi nyingine tarehe 31 Machi. Kutoka tarehe 3 hadi 31 ni siku 28. Mzunguko haujavurugika, damu ya katikati inatoka kwingine, na mlango wa kizazi ndio wa kutazamwa kwanza. Bila daftari, angeweza kupewa dawa za kurekebisha hedhi na chanzo kikabaki palepale.

Kwa nini daktari aambiwe kuhusu maji?

Aina ya kichocho inayoshambulia mfumo wa mkojo na uzazi hupatikana zaidi kwenye malambo, madimbwi na majaruba ya mpunga mbali kidogo na ziwa, wakati kichocho cha tumbo ndicho kinachotawala ufukweni. Mayai ya minyoo yakinasa kwenye mlango wa kizazi husababisha vidonda, damu baada ya tendo la ndoa, majimaji na maumivu. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa, hivyo wapo wanaotibiwa zinaa mara kwa mara bila kupona, na wengine hutiliwa shaka isiyo ya haki nyumbani. Inafaa mgonjwa ataje mwenyewe alikolima, alikochota maji na alikooga, hata utotoni.

Vipimo vifanyike lini?

Mkojo wa kupima kichocho hutolewa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na si siku za hedhi, kwani damu ya hedhi huchanganya majibu. Hata hivyo, mkojo usio na mayai hauondoi uwezekano wa kichocho cha uzazi. Ndiyo maana mhudumu hulazimika kuutazama mlango wa kizazi kwa macho, jambo linalosaidia pia kubaini dalili za saratani, ambayo nayo huleta damu ya aina hiyo. Prazikwanteli huua minyoo. Makovu yaliyokwisha kutokea huweza kubaki, na ndiyo hasara ya kuchelewa.

Ni wakati gani daftari lisisubiriwe?

Mwanamke anayelowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, anayepata kizunguzungu au kuzimia, anayetokwa damu akiwa na ujauzito au akihisi anao, aende kituo cha afya mara moja. Aliyekwisha koma hedhi mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone, asingoje mwezi upite ili ahesabu. Tarehe ya tone hilo pekee inamtosha daktari kuanza uchunguzi.