Jinsi ya kulipa vibarua wa mjengo kila wiki bila ovataimu kuleta kelele

Kwa mjengo wa Elwak, Alhamisi jioni ndiyo siku ya pesa. Ijumaa watu wanapumzika na kwenda msikitini, kwa hivyo kontrakta anataka kufunga hesabu ya wiki kabla jua halijatua. Siku za kazi huwa rahisi kuhesabu. Kelele huanzia kwa ovataimu, na mara nyingi sababu ni kwamba hakuna aliyesema mapema itahesabiwaje.

Tuchukue mfano wa kibarua mmoja. Bei zetu ni za mfano tu, weka zile mlizokubaliana.

Kwanza, tafuta bei ya saa moja

Kibarua analipwa shilingi 800 kwa siku. Anaingia saa 1 asubuhi na kutoka saa 10 jioni, na katikati kuna saa moja ya chakula na swala. Hiyo ni kazi ya saa 8, kwa hivyo saa moja ni shilingi 100. Ukigawanya kwa 9 kwa kusahau kutoa saa ya chakula, utapata shilingi 89, na kila saa ya ovataimu utakayolipa itakuwa imepunjwa.

Kulingana na amri ya jumla ya mishahara ya Kenya, ovataimu ya siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu hulipwa mara mbili. Kwa kibarua wetu, saa ya ovataimu ni shilingi 150, na saa ya Ijumaa ni shilingi 200.

Sasa tuangalie wiki yake

Alikuja Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi. Jumanne hakuja. Jumatano ilikuwa siku ya kumwaga slabu, na zege haliachwi katikati, kwa hivyo walimaliza saa 1 usiku. Hizo ni saa 3 za ziada.

- Siku 5 × 800 = 4,000
- Saa 3 × 150 = 450
- Jumla = 4,450
- Toa adivansi aliyotumiwa Jumapili, 500
- Anatumiwa 3,950

Hapa ndipo ubishi huzuka. Kontrakta anaweza kusema, "Jumanne hukuja, kwa hivyo hizo saa 3 zinafidia siku uliyokosa." Akihesabu kwa wiki, kibarua amefanya saa 43, na wiki kamili ya mjengo huo ni saa 48. Basi atamlipa saa hizo 3 kwa bei ya kawaida, shilingi 300. Kibarua naye anahesabu kwa siku, anangoja 450. Tofauti ni shilingi 150 tu, lakini kila mmoja anaona mwenzake ni mwizi. Kubalianeni Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi kuanza: ovataimu ni ya siku au ya wiki? Mkishakubaliana, msibadilishe katikati ya wiki.

Jambo lingine ni Ijumaa. Slabu mpya inahitaji maji kila siku kwa angalau siku 7, la sivyo itapasuka kwa joto la huku. Kibarua akija Ijumaa kumwagilia kwa saa 2, hiyo ni shilingi 400. Lakini hesabu ilifungwa Alhamisi, kwa hivyo hiyo 400 inakuwa mstari wa kwanza wa wiki inayofuata. Iandike siku hiyohiyo. Ukingoja Alhamisi nyingine, wewe utakuwa umesahau, yeye hatasahau.

Kabla ya kubonyeza PIN

Kila jioni, andika kwa daftari saa ya kuingia na kutoka, na kibarua aone. Kando ya kila nambari ya simu andika jina lililosajiliwa, kwa sababu wengine hutumia laini ya ndugu au mama. Jina likitokea kwa skrini halilingani na daftari, simama kwanza umuulize.

Ukishatuma, mwandikie ujumbe mfupi: "Siku 5: 4,000. Ovataimu saa 3: 450. Adivansi: 500. Umetumiwa 3,950." Akiona kosa, atakuonyesha mstari wenyewe badala ya kukataa jumla yote.

Mwisho, kumbuka wakala. Vibarua 12 wakipata karibu 4,000 kila mmoja, na wote waende kwa duka moja, hiyo ni karibu 48,000 kwa jioni moja. Mwambie wakala Jumatano ili aweke pesa taslimu za kutosha. Pia semezaneni ni nani atabeba ada ya kutoa, kwa maana 3,950 kwa simu si 3,950 mkononi.