Barua ya Kifaransa Haiwi Rasmi kwa "Vous" Peke Yake

Rasimu ya Kifaransa iliyoandikwa kama mtu anavyozungumza haigeuki kuwa barua ya kikazi kwa kubadilisha "tu" kuwa "vous" na kubandika "Cordialement" mwishoni. Dhana hiyo humnasa kirahisi mwongoza watalii wa Kilwa Masoko aliyejifunza Kifaransa kwa sikio, akivusha wageni kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Swali lake huwa lile lile: "Nimeshaweka vous, kimebaki nini?" Kimebaki karibu kila kitu.

Tuchukue ujumbe wa namna hiyo, wenye "vous" tayari:

"Bon ben, du coup, c'est OK pour samedi, quoi. Y a juste un truc : faut que vous filiez le fric avant jeudi, sinon le mec il vient pas. Cordialement."

"Vous" inamheshimu anayeandikiwa, basi. Haigusi maneno mengine wala muundo wa sentensi. Ni sawa na kijana anayemwamkia mzee shikamoo, kisha akaendelea: "Mkwanja uingie mapema, la sivyo mchizi hatokei." Shikamoo ni sahihi, ila haikusafisha chochote kilichofuata. Tena katika Kifaransa mchanganyiko huo unaudhi zaidi, kwa sababu msomaji anaona mwandishi alijua kwamba heshima inatakiwa, akaishia mlangoni.

Walio na haraka zaidi huiamuru kompyuta ifute kila "bon", kila "quoi" na kila "voilà". Hilo ni kosa kubwa kuliko la kwanza. "Bon de commande" ni hati ya kuagizia bidhaa, "faute de quoi" maana yake ni "la sivyo", na "voilà deux ans" ni "sasa ni miaka miwili". Yote matatu ni Kifaransa safi, na kuyafuta ni kuharibu barua.

Kijazio kinapimwa kwa kukitoa na kuisoma sentensi upya. Maana isipopungua, kinaachwa nje: "bon ben" na "quoi" katika ujumbe huu ni kama "yaani" na "sasa" zetu za kuvutia pumzi. Maana ikipungua, neno lilikuwa na kazi, na kazi hiyo inahitaji neno jingine. "Du coup" mara nyingi hubeba matokeo. Likiunganisha kweli sababu na tokeo, mahali pake panakaa "donc" au "par conséquent". Hapa haliunganishi kitu, kwa hiyo linaondoka.

Kazi nzito iko kwenye "truc". Wengi huweka "chose" mahali pake, na barua inabaki na ukungu ule ule, kwani "kitu" bado hakijatajwa. Mwandishi lazima ajiulize alimaanisha kitu gani. Katika ujumbe huu ni malipo ya awali ya chombo, basi aandike "l'acompte". Angekuwa anazungumzia kibali cha kuingia magofuni, kinachochukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, angeandika "l'autorisation". Vivyo hivyo "le mec" si "l'homme". Huyu ni nahodha, "le capitaine".

Yanayobaki ni sarufi, nayo hurekebishwa upesi. "Ne" iliyomezwa inarudishwa: "il vient pas" huwa "il ne vient pas". "Faut" na "y a" zinarudishiwa "il". Kiima kilichorudiwa, "le mec il", kinabaki kimoja. "On" ya kundi inakuwa "nous", na kitenzi kinaifuata: "on a trouvé" huwa "nous avons trouvé". "Filer le fric" ni "régler" au "verser". Ujumbe sasa unasomeka hivi:

"Monsieur,
Nous vous confirmons la visite de Kilwa Kisiwani prévue samedi. Nous vous prions de verser l'acompte avant jeudi, faute de quoi le capitaine ne pourra pas assurer la traversée.
Cordialement,"

"Cordialement" inamtosha mteja ambaye tayari mmewasiliana. Kwa ubalozi au taasisi hutumika "Je vous prie d'agréer, Monsieur, mes salutations distinguées", na cheo kilichofungulia barua ndicho kinachorudiwa humo: aliyeanza na "Madame la Directrice" amalizie na "Madame la Directrice". Barua isomwe kwa sauti kabla ya kutumwa. Panaposikika kama soga za kwenye mashua, hapo hapajasafishwa.