Herini za Kila Siku na za Harusini: Namna ya Kuchagua

Hapa Louisville wengi wetu tuna herini za aina mbili: dhahabu nzito tuliyoletewa na jamaa kutoka Maskati au Unguja, na nyepesi za kwendea kazini. Nitaeleza ninavyochagua kwa kumtumia binti wa dada yangu, mwenye uso wa duara, anayejifunga mtandio kazini siku tano kwa wiki.

Kwanza tulitazama uso. Vipuli alivyorithi vilikuwa vipana, na vilikomea pale pale shavu linapojaa. Chochote kinachokomea mahali hapo hulivutia jicho hapo, na uso huonekana mpana zaidi. Tulipima kwa rula, tukaona kuwa kipuli chembamba cha sentimita 5 kinashuka mpaka chini kidogo ya taya, na uso ukaonekana mrefu. Mwenye uso mrefu afanye kinyume: herini ya duara inayokaa kwenye ndewe humpendeza zaidi.

Nywele nazo zina hukumu yake. Zikiachwa wazi mabegani, kipuli chembamba hupotea ndani yake. Zikifungwa juu, kinaonekana chote. Chini ya mtandio hakionekani kabisa, na kulabu yake hunasa nyuzi kila anapogeuza shingo. Kwa hiyo vile vya sentimita 5 ni vya karamu za wanawake, nywele zikiwa zimefungwa juu.

Kwa kazini alichukua vipini vidogo, visivyozidi gramu 2 kila kimoja, vyenye uso bapa. Nyuma tulitaka kishikizo cha mviringo kisicho na ncha, kwa sababu mtandio na kofia ya baridi hukikandamiza, na ncha huchoma ngozi usiku akilala navyo.

Tazama na muhuri. Dhahabu ya Ghuba mara nyingi ni karati 21 au 22, yenye alama 875 au 916. Ni laini, na kulabu nyembamba hupinda kwa kuvaliwa na kuvuliwa kila siku. Ya Marekani mara nyingi ni karati 14, alama 585, ambayo ni ngumu zaidi. Lakini madini mengine yaliyochanganywa humo, hasa nikeli, huwawasha baadhi ya watu.

Mwisho ni uzito. Vaa herini, kisha jitazame kiooni. Tundu likibaki nukta, sawa. Likivutika kuwa mstari, herini hiyo ni ya saa chache tu. Ndewe iliyokwisha chanika hairudi yenyewe. Daktari huishona, na baada ya kupona hutobolewa upya pembeni ya kovu. Bibi zetu wa pwani walivaa majasi makubwa, lakini matundu yao yalipanuliwa polepole kwa muda mrefu. Tundu dogo la sindano halikuandaliwa kwa mzigo huo.