Kuisaka G kwenye Shingo ya Gitaa

Mpiga gitaa aliyejifunzia kwaya ya kanisani au maskani kwa marafiki huwa na mtaa wake anaoufahamu: freti tatu za kwanza. Hapo kodi za C, G na D zinajipanga zenyewe na vidole havihitaji kuangaliwa. Lakini akiombwa apige noti ya G huko katikati ya shingo, anarudi kichwani mwa gitaa na kuanza kuhesabu freti moja moja, midomo ikicheza, huku wenzake wakimsubiri.

Ukiacha nyuzi zenyewe zikiwa wazi, yaani bila kubanwa na kidole, kuna nafasi 72 kati ya mwanzo wa shingo na freti ya 12. Baada ya hapo majina yanaanza upya. Wengi hununua chati iliyojaa herufi, wakaibandika ukutani, na baada ya wiki wakaizoea kama kalenda ya mwaka jana. Kuna njia fupi zaidi, nayo inaanzia kwenye jambo ambalo kila mpiga gitaa amekwisha kulijua: jinsi ya kutyuni.

Gitaa likiwa limetyuniwa kwa kawaida, nyuzi zake kuanzia ule mnene wa juu, ambao ni wa sita, hadi ule mwembamba wa kwanza ni E, A, D, G, B na E. Anayetyuni kwa sikio hubana uzi wa sita kwenye freti ya 5 na kuufananisha na uzi wa tano ulio wazi. Kwa kufanya hivyo, bila kujua, ameshajifunza kwamba A ipo mahali pawili. Uzi wazi ni shahidi: haubanwi, haukosewi kidole, na unatamka jina lake kila unapoguswa. Noti yoyote inayotafutwa huko mbele inaweza kuletwa mbele yake ikaulizwa kama kweli ni ndugu yake.

Chukua G. Shahidi wake ni uzi wa tatu. Kwenye uzi wa sita, G iko freti ya 3, kwa sababu kutoka E kwenda F ni freti moja tu, na kutoka F kwenda G ni mbili. (Herufi zote zimeachana freti mbili, isipokuwa E na F, na B na C, ambazo zinapakana.) Ukipiga G hiyo kisha uzi wa tatu ulio wazi, utasikia kitu ambacho wanakwaya wanakifahamu vizuri: ni kama wanaume na wanawake wanaoimba wimbo mmoja, sauti ya wanawake ikiwa juu lakini noti ikiwa ile ile. Umbali huo unaitwa oktava. Uzi wa juu yake unatikisika mara mbili zaidi: uzi wa tatu ulio wazi hutikisika mara 196 kwa sekunde, na G iliyo juu yake, kwenye uzi wa kwanza freti ya 3, mara 392.

Sasa umbo. Kutoka G ya uzi wa sita freti ya 3, ruka uzi mmoja, yaani wa tano, kisha sogea freti mbili kuelekea mwili wa gitaa. Umefika uzi wa nne, freti ya 5. Hiyo nayo ni G. Shahidi anaithibitisha vizuri kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa hapa si oktava tena bali ni sauti moja kabisa na uzi wa tatu ulio wazi. Zikipigwa pamoja na gitaa likawa halijatulia, zitasikika zikiyumba, wawawawa, na kuyumba huko kunapungua kadiri nyuzi zinavyokaribiana. Umbo hilo hilo la kuruka uzi na kusogea freti mbili linafanya kazi ukianzia uzi wa tano: G ya freti ya 10 inakupeleka uzi wa tatu, freti ya 12.

Kutoka uzi wa nne, freti ya 5, safari inaendelea, na hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanaruka uzi, wanasogea freti mbili kama mwanzo, wanafika uzi wa pili freti ya 7, na sauti inakwaruza. Hiyo ni F shapu. Sababu iko kwenye kutyuni: kila uzi umeachana na jirani yake kwa freti 5, ila wa tatu na wa pili wameachana kwa 4 tu. Uzi wa pili upo chini kidogo ya mahali ambapo mkono unautarajia, kwa hiyo umbo lolote linalovuka mpaka huo linahitaji freti moja ya ziada. Freti tatu, si mbili. G iko freti ya 8. Ni hivyo hivyo kutoka uzi wa tatu kwenda wa kwanza: uzi wazi wa G na G ya freti ya 3 zimeachana freti tatu.

Kosa hilo lina heri, maana sikio linalalamika papo hapo. La hatari zaidi ni la mtu anayesahau kuruka uzi. Kutoka G ya uzi wa sita anasogea freti mbili lakini anatua kwenye uzi wa tano, freti ya 5. Hiyo ni D, nayo inapatana na G kwa utamu kiasi kwamba anaweza kuendelea wiki nzima akiamini amepata oktava. Kinga yake ni shahidi yule yule. D hiyo ikipigwa na uzi wa nne ulio wazi, ambao ni D, itaungana nao kama sauti moja, na uongo unaonekana.

Aliyeyafanya maumbo haya kuwa lugha yake ni Mmarekani Wes Montgomery, mpiga jazi wa Indianapolis aliyezaliwa 1923. Alipiga kwa kidole gumba bila kipiga cha plastiki, na mistari mizima ya muziki aliipitisha kwa oktava, noti mbili zikitembea pamoja. Ule uzi ulio katikati hauchomolewi. Unazimwa kwa kuguswa kidogo na kidole cha kwanza cha mkono wa kushoto. Anayejizoeza leo afanye vivyo hivyo, la sivyo uzi wa kati utaingilia mazungumzo.

G ikishakaa, A haina kazi: kila nafasi inasogea freti mbili mbele, na shahidi anahamia uzi wa tano. Kinachobaki ni noti zisizo na uzi wao, kama C. Hii hutafutwa kwa jirani. B ni uzi wa pili ulio wazi, basi C ni freti ya 1 ya uzi huo. Ukirudi nyuma kwa umbo refu, kutoka uzi wa pili freti ya 1 kwenda uzi wa tano, C inakaa freti ya 3. Kutoka hapo, ruka uzi, sogea mbili, na uzi wa tatu freti ya 5 utaitika. Mruko wa mwisho unaishia kwenye uzi wa kwanza, freti ya 8, na hapo ukumbuke ile freti moja ya ziada.